Muuzaji wa jumla kavunja mkataba, sasa anataka keshi: ninunue kwingine nimdai tofauti?

"Wakuu, tuliandikiana mali kauli siku 30. Nusu ya mzigo kaleta, nusu iliyobaki anasema hatoi bila keshi. Nikinunua kwingine kwa bei ya juu, atanilipa tofauti?"

Ndugu, usinunue kwingine kabla hujasoma hili. Mimi nashona sare za shule, na niliingia palepale ulipo.

Mkataba wangu ulikuwa majora 60 kwa 90,000 kila moja. Yalikuja 20, halafu akadai taslimu kwa 40 yaliyobaki, bei ileile. Nilikasirika nikamkatalia, nikaenda duka lingine na kulipa 112,000 kwa jora, keshi mkononi. Nikamwandikia dai la 880,000.

Wakili niliyempelekea karatasi aliuliza swali moja tu: "Keshi ya kulipa kule uliipata wapi?" Nilikuwa nayo. Basi ningeweza kumlipa yule wa kwanza 90,000. Hasara aliyonisababishia ilikuwa kukosa zile siku 30 za kuzungusha pesa yangu, na hiyo ni ndogo mno kuliko 880,000. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinataka fidia ikadiriwe kwa kuangalia pia njia zilizokuwepo za kuondoa ile adha. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyohivyo mwaka 1919 katika kesi ya hariri, Payzu dhidi ya Saunders: mnunuzi aliyekataa kulipa taslimu alinyimwa tofauti ya bei iliyopanda.

Lakini usidhani lazima umkubalie kila anachotaka. Kama keshi huna, na ya kukopa ni ya riba kali, hulazimiki kujitia hatarini kwa ajili ya kosa lake. Vilevile akikwambia usaini kwamba humdai tena, au kama alishawahi kula pesa yako bila kuleta mzigo, una sababu nzuri ya kukataa. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulizembea ni wake.

Ukiweza kulipa, mwandikie leo, hata kwa WhatsApp: "Napokea kwa taslimu ili kazi isisimame, ila haki yangu ya kudai fidia ya kuvunja mkataba iko palepale." Tunza risiti.

Akikataa kabisa kuleta, hapo nunua kwingine mapema. Uliza bei maduka matatu hivi, hifadhi majibu, chukua ubora uleule. Ukichukua kitambaa cha daraja la juu wakati cha daraja lako kipo, ile ziada ni yako. Nauli ya kufuata mzigo mwingine unamdai, hata kama ulifuata ukakosa, mradi safari yenyewe ilikuwa ya busara.

Mimi niliishia kupatana naye kwa 60,000.