Kabla ya dodoso, kaeni kwanza mpange mkataba

Ukienda kijijini kukusanya maarifa ya dawa za asili, mbegu au simulizi, usifike na dodoso lililokwisha chapwa. Fika na mada tu, kisha uwaachie wenyeji waseme wanataka kujua nini. Utajua kama wamesikilizwa kwa kuangalia bajeti: ikiwa swali lao haliwezi kuhamisha hata shilingi moja kutoka fungu moja kwenda jingine, hakuna mashauriano yaliyofanyika hapo. Ndiyo maana vikao hivi vifanyike kabla ya kuomba fedha.

Kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, hakichukui nafasi ya ridhaa ya kijiji, wala saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Wape muda wa kujadiliana wewe ukiwa haupo. Mkutano ambao mtafiti amekaa mbele na posho mkononi huzaa "ndiyo" nyingi zisizo na maana.

Mkataba nao usomwe kwa makini, hasa panapotajwa asilimia. Chukua mfano wa Wasan wa kusini mwa Afrika na mmea wa Hoodia, ambao wawindaji wao walikuwa wakiutafuna kuzuia njaa na kiu. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, iliombea kemikali za mmea huo hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1995 bila kuwashirikisha, kisha ikatoa leseni kwa kampuni ya Uingereza. Mwaka 2003, baada ya malalamiko, Wasan walipata makubaliano: asilimia 8 ya malipo ya hatua za utengenezaji na asilimia 6 ya mrabaha. Lakini hizo ni asilimia za fedha zinazoingia CSIR, si za mauzo. Tuseme bidhaa imeuzwa kwa milioni 100 na CSIR ikapata milioni 3 (tarakimu za mfano tu): fungu la Wasan ni 180,000. Hataza yenyewe ilibaki mali ya CSIR, na kampuni kubwa zilizoshirikiana na ile ya Uingereza zilipojitoa, Pfizer kwanza na Unilever baadaye, matarajio ya fedha yalififia.

Kwa hiyo andika asilimia ya nini, nani atakagua hesabu, na kitatokea nini bidhaa isipofika sokoni. Malipo ya mwanzo yasiyotegemea faida huwalinda wenyeji kuliko mrabaha mnono wa kwenye karatasi.

Mwaka 2017 Wasan walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti, wakitaka pendekezo lipitie kwanza kwa viongozi wao, na matokeo yarudishwe kwa lugha inayoeleweka. Unaweza kufanya vivyo hivyo bila kusubiri kanuni: rasimu isomwe kwa sauti barazani kabla haijaenda kwenye jarida, na mkataba utaje mambo yasiyochapishwa kabisa, kama mahali hasa mmea unapoota. Rekodi za sauti zihifadhiwe nakala kijijini, kwa mtu waliyemchagua wenyewe. Ukiziacha kwenye kompyuta ya mradi tu, ufadhili ukiisha hazipatikani tena.