Kuandika Mikataba Mifupi ya Udadisi Kama Sura Moja ya Wasifu

Anayeishi kwa kazi za udadisi, yaani kukusanya takwimu za kaya kwa mkataba wa miezi miwili hapa na mitatu pale, huwa na wasifu unaochosha kusoma. Nimeomba kazi hizo kwa miaka kadhaa, na baadaye nimeketi kwenye majopo yanayowachuja waombaji. Karatasi yenye vichwa sita vya kazi zilizofanana, kila kimoja kikirudia kwamba mwombaji «alihoji wanakaya na kujaza dodoso», humfanya msomaji aone mtu anayehamahama, hata kama ni yule ambaye kila mradi mpya ulimwita tena.

Nilichojifunza ni kuziweka kazi hizo chini ya kichwa kimoja kinachotaja fani, na kuacha majina ya waajiri yawe mistari ya ndani. Chukua mfano wa kijana mmoja niliyemsaidia kupanga wasifu wake. Kichwa chake kilisomeka hivi: «Ukusanyaji na uhakiki wa takwimu za kaya, mikataba ya muda mfupi, Februari 2021 hadi Novemba 2024 (miezi 12 ya kazi)». Chini yake kukawa na mistari minne: mdadisi katika utafiti wa lishe, Februari hadi Aprili 2021, karani katika Sensa ya Watu na Makazi, Agosti na Septemba 2022, msimamizi wa timu katika tathmini ya mradi wa maji, Juni hadi Agosti 2023, na mhakiki wa takwimu, Agosti hadi Novemba 2024.

Yale maneno ya kwenye mabano ndiyo yanayoulinda mpango mzima. Kutoka Februari 2021 hadi Novemba 2024 ni miezi 46, na mwombaji asiyeyaandika anaonekana kudai karibu miaka minne ya uzoefu huku mikataba yake ikijumlishwa kuwa mwaka mmoja. Wajumbe wa jopo hujumlisha. Tangazo likitaka uzoefu wa miaka mitatu, kichwa cha pamoja hakitaujaza upungufu huo, na asiyeufikia ni heri aombe nafasi ya chini yake. Kwa sababu hiyo hiyo, andika miezi pamoja na miaka katika kila mstari, kwa kuwa «2021–2022» inaweza kumaanisha wiki chache au miezi ishirini na zaidi.

Hata hivyo kichwa hakiunganishi chochote iwapo mistari iliyo chini yake inasema jambo lile lile. Kila mkataba upewe kile tu ambacho uliotangulia haukuwa nacho. Kwa kijana huyu, utafiti wa lishe ulibaki na upimaji wa uzito na urefu wa watoto. Sensa, iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022, ikapewa kishikwambi na kazi ya kuhesabu eneo zima bila kuruka kaya (vishikwambi hivyo ndivyo baadaye walivyogawiwa walimu). Katika mradi wa maji tukaandika kwamba aliongoza wadadisi, akarudia baadhi ya mahojiano yao kwa kushtukiza na kulinganisha majibu. Katika mkataba wa mwisho hakwenda kijijini kabisa, bali alipokea takwimu kila jioni kupitia programu ya kukusanyia takwimu ya KoboToolbox, akatafuta umri usiowezekana na mahojiano yaliyokwisha haraka mno, kisha akayarudisha kwa timu. Msomaji anaona kazi ikipanda ngazi bila kuambiwa.

Jina la mwajiri nalo linahitaji uangalifu. Mara nyingi mfadhili ni shirika kubwa, lakini aliyesaini mkataba ni kampuni ya ushauri. Andika kampuni kwanza, kisha «kwa niaba ya» mfadhili, kwa sababu ukianza na jina kubwa, jopo litapiga simu huko na kuambiwa hakuna mtumishi wa jina hilo.

Mifumo ya maombi ya mtandaoni kama Ajira Portal hutaka kila mwajiri aingizwe peke yake, hivyo kichwa cha pamoja hakina mahali pa kukaa. Ingiza mikataba kama ilivyo, tarehe zikifanana na za wasifu, kisha sentensi inayoiunganisha iandikwe katika aya ya kwanza ya barua ya maombi.

Katika usaili utaulizwa mambo mawili. La kwanza ni kwa nini hukudumu popote, na jibu fupi linatosha: kila mkataba ulikwisha pamoja na utafiti wake. La pili ni ulifanya nini katikati. Kama ulilima au uliuza katika duka la familia, sema hivyo kwa sentensi moja. Anayeyaita mapengo hayo «ushauri binafsi» hukwama anapoulizwa mteja wake alikuwa nani. Na kwa kuwa timu za utafiti husambaratika haraka, omba hati ya utumishi kabla ya siku ya mwisho ya mkataba, ambayo sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aitoe ajira inapokoma, na uchukue namba binafsi ya msimamizi wako, maana barua pepe yake ya mradi huenda ikafungwa mradi ukiisha.