"Il me le dit" lakini "il le lui dit": kipi kinatangulia?

*"Wakuu, najiandaa na mtihani wa Kifaransa wa B1. Niliandika 'elle le me donne', nikapigwa mstari mwekundu. Nikageuza, nikaandika 'je lui le dis', nayo ikapigwa mstari. Sasa kipi kinatangulia, mtu au kitu? Na hii 'donne-m'en' inatoka wapi?"*

Mkuu, ukiendelea kuuliza "mtu au kitu" hutatoka hapo, maana Kifaransa hakipangi hivyo. Kinachoangaliwa ni mtu yupi. Kama ni mtu aliyemo kwenye mazungumzo, yaani mimi, wewe, sisi au nyinyi, anatangulia kitu: *me le, te la, nous les, vous le*. Kama ni mtu anayesemwa tu, yeye au wao, anakaa nyuma ya kitu: *le lui, la lui, les leur*. Kwa hiyo ni *elle me le donne*, na ni *je le lui dis*. Ulikosea mara mbili kwa sababu sentensi ya kwanza ilikuwa na "mimi" na ya pili ilikuwa na "yeye", nawe ukadhani zinafuata kanuni moja.

Mimi ni mtu wa Kigoma, na nimefanya kazi miaka minne kwenye ghala moja Bujumbura. Tuliongea Kiswahili na Kirundi siku nzima, lakini makaratasi yote yalikuwa ya Kifaransa, na msimamizi alipenda kuulizia mambo kwa Kifaransa. Siku moja aliniuliza:

*Vous avez remis la clé au chauffeur ?*

Nikajibu kwa haraka: *Oui, je lui ai remis.* Akanitazama, akasema: *Remis quoi ?* Umekabidhi nini? Nilishangaa, kwa sababu kwangu jibu lilikuwa kamili. Kwa Kiswahili ukiulizwa kama umempa dereva ufunguo unasema "ndiyo, nimempa", basi. Hakuna anayekuuliza umempa nini.

Nilivyokaa nikalifikiria, nikaona kwamba tatizo letu Waswahili linaanza kabla hata ya mpangilio. Kitenzi chetu kina nafasi moja tu ya mtendwa. Unasema "nimempa", ile *m* ni ya dereva, na ufunguo unabaki nje. Huwezi kusema "nimeumpa" ukataja wote wawili ndani ya kitenzi. Mtu akiwepo, yeye ndiye anayechukua nafasi, kitu kinaachwa kieleweke chenyewe. Kifaransa kina nafasi mbili, na kwa kitenzi kama *remettre* kinataka zote zijazwe. Ndiyo maana mwanafunzi anayewaza kwa Kiswahili kwanza huwa anakiacha kitu, halafu akikumbushwa anakibandika popote palipo wazi, mara nyingi nyuma ya *lui*. Hapo ndipo *je lui le dis* yako ilipotoka.

Tuijenge ile sentensi polepole. *J'ai remis la clé au chauffeur.* Kitu ni *la clé*, cha kike, umoja, kwa hiyo kinakuwa *la*. Mtu ni *au chauffeur*, na kwa kuwa ametajwa na *à*, anakuwa *lui*. Dereva hayumo kwenye mazungumzo yangu na msimamizi, tunamsema tu, basi anakaa nyuma ya kitu: *la lui*. Vyote viwili vinakaa mbele ya *ai*, siyo mbele ya *remis*. Na kwa kuwa *la* imetangulia, neno la mwisho linaipokea jinsia yake: *Je la lui ai remise.* Ile *e* hapa inasikika, maana *remis* inaishia na "mi" na *remise* inaishia na "miz". Kwa *donnée* usingesikia tofauti yoyote, ila kwenye karatasi ya mtihani inahesabiwa vilevile. Angalia pia kwamba *lui* haisababishi mabadiliko hayo hata kidogo. Ni *la* peke yake. Ungesema *je lui ai remis la clé*, *remis* ingebaki kama ilivyo.

Aliyenifungua macho kabisa ni mwenzangu Mrundi wa pale ghalani. Kirundi hakina shida yetu. Anasema *narabimubwiye*, "nimemwambia hayo", neno moja tu, na ndani yake mna *bi* ya mambo yaliyosemwa, kisha *mu* ya mtu. Kitu, halafu mtu, sawasawa na *je le lui ai dit*. Kwa hiyo *le lui* haikumsumbua kamwe. Kilichomsumbua ni upande wa pili. Kwake "ameniambia hayo" ni *yarabimbwiye*, bado kitu kwanza halafu mimi, kwa hiyo akawa anasema *il le m'a dit*, kosa lilelile la *elle le me donne* yako. Kifaransa cha Zama za Kati chenyewe kilikuwa kikisema *je le te donne*, kisha kikaugeuza mpangilio kwa watu wa karibu, yaani mimi, wewe, sisi na nyinyi, na kuuacha wa *lui* na *leur*, watu wa mbali, ulivyokuwa. Mgawanyiko unaokutesa ni alama ya mabadiliko yale, ndiyo maana ukiutafutia mantiki ya "mtu au kitu" huipati.

Kuna neno moja la kuwekea jicho: *se*. Linahusu yeye au wao, lakini linakaa mbele pamoja na *me* na *te*. Ni *il se le rappelle*, siyo "il le se rappelle".

Sasa amri. Ukiamrisha bila kukanusha, viwakilishi vinaruka nyuma ya kitenzi, na ule mgawanyiko wa karibu na mbali unapotea. Kitu kinatangulia kwa kila mtu: *dites-le-moi, donne-la-lui, montrez-les-nous*. Ona pia *me* inavyogeuka *moi*. Lakini ukikanusha, kila kitu kinarudi mbele na mpangilio wa kawaida unarudi nao: *ne me le dites pas, ne la lui donne pas*. Mimi nilijifunza kwa kutamka jozi hizi mbilimbili, amri na katazo lake, asubuhi nikitembea kwenda kazini: *dis-le-moi, ne me le dis pas; donne-le-lui, ne le lui donne pas*. Lile jedwali la safu tano lililomo vitabuni ni sahihi kabisa, ila mtu akikuuliza swali huna muda wa kulipekua kichwani. Ulimi ukishazoea kutamka *je le lui* kama neno moja, hauwezi tena kutoa *je lui le*, unaikataa wenyewe.

Tuje kwenye *en*. Hii ndiyo rahisi kuipanga, kwa sababu inakaa mwisho daima, iwe mtu ni wa karibu au wa mbali: *il m'en parle, je t'en donne, je lui en donne, nous leur en avons envoyé*. *Me* na *te* zinapoteza *e* mbele ya *en*, *lui* haipotezi chochote, ni *lui en* kwa ukamilifu wake. Na *y* ikiwepo, inakaa mbele ya *en*, kama unavyoisikia kila siku kwenye *il y en a*.

Kazi iko kwenye kujua lini uitumie. Pale ghalani tulihesabu mifuko kutwa. Mtu akiuliza *Il vous reste combien de sacs ?*, Mswahili anajibu "imebaki mitatu", na ile *mi* ya "mitatu" inabeba mifuko. Kifaransa hakina kiambishi hicho kwenye namba, kwa hiyo mifuko inabebwa na *en*, na namba inaachwa nyuma ya kitenzi: *Il m'en reste trois.* Ukisema *il me reste trois* anayekusikiliza anabaki anasubiri, tatu za nini? Na ukisema *il me les reste trois* umeharibu, kwa sababu *les* ni ya vitu vyote vinavyojulikana, haikai na namba namna hiyo. Kwa hiyo popote ambapo Kiswahili kinakupa "mbili", "kumi", "nyingi" peke yake bila jina la kitu, jua *en* inahitajika: *je t'en apporte deux, il nous en faut dix, elle m'en a donné beaucoup*. Na hapo kwenye *donné* usiongeze chochote hata kama vitu vilikuwa vya kike. *En* haibadilishi neno la mwisho kama *la* na *les* zinavyofanya.

*Donne-m'en* yako imetoka hapo. Ni amri, kwa hiyo vinakaa nyuma ya kitenzi. Mtu ni mimi, angekuwa *moi*, lakini mbele ya *en* anarudi kuwa *m'*. Mtaani utasikia *donne-moi-z-en*, hata kwa Wafaransa wenyewe. Usiiandike kwenye mtihani.

Tena, ukiwasikiliza vizuri Wafaransa wakiongea haraka, utawasikia wakisema *je lui ai dit* pale kitabu kinapotaka *je le lui ai dit*. *Le* na *la* zinamezwa mbele ya *lui* na *leur*. Nilipoligundua hilo nilikumbuka ile *je lui ai remis* yangu, lakini mambo hayo mawili si sawa. Kwa *dire* maneno yaliyosemwa yanaeleweka bila kutajwa, ndiyo maana masikio yanavumilia. Kwa *remettre* kitu chenyewe ndicho kiini cha habari. Kwenye maandishi kitaje kila mara.

Kuna jozi moja ambayo usihangaike kuipanga kwa sababu haipo kabisa: *me*, *te*, *nous*, *vous* au *se* pamoja na *lui* au *leur*. Nilipotaka kumwambia yule mwenzangu "nitakutambulisha kwa msimamizi", kisha nikataka kumweka msimamizi kwenye kiwakilishi, nilizungusha *je te lui* na *je lui te*, zote mbili si Kifaransa. Unachofanya ni kumtoa mtu wa pili nje: *je vais te présenter à lui*. Na hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko kitabu, kwa sababu nasi tunasema "nitakutambulisha kwake", tunamtoa nje vilevile. Ona pia *te* imekaa mbele ya *présenter*, siyo mbele ya *vais*. Vitenzi viwili vikifuatana namna hii, viwakilishi vinasogea kwa kile cha pili, kile ambacho vinakihusu: *je veux vous le montrer, il peut m'en prêter un*.

Lete sentensi nyingine zilizopigwa mstari, nitazipitia moja moja. Nikisoma *elle le me donne* naona mtu anayejua kwamba nafasi ni mbili, umebakiza kuangalia ni nani aliyekaa kwenye ile ya mtu.