Wastani wa magunia ya alizeti: muulize mkuu wako namba hiyo inakwenda kuamua nini

Swali: Wakuu, habari za kazi. Nipo kwenye chama cha wakulima wa alizeti huku Kongwa. Mkuu wangu amenitumia faili la mavuno ya wanachama na ameandika tu, "Nitolee wastani." Mwenzangu ananiambia nibonyeze AVERAGE nimalize. Je, nimuulize anamaanisha wastani upi, au nitaonekana sijui kazi?

Jibu:

Ndugu yangu, muulize, ila usimuulize kwa majina ya kihesabu. Ukimwandikia "unataka wastani wa kugawanya, mediani au modi?" kuna uwezekano mkubwa akakujibu "wastani, si nimeshasema," na mtakuwa hamjasogea hata hatua moja. Muulize namba hiyo inakwenda kuamua jambo gani. Nimekuwa nikipanga takwimu za mavuno kwa vyama vya wakulima wa kanda hii ya kati, alizeti na mtama zaidi, na kila mara jibu la swali hilo ndilo lililoniambia nitumie hesabu ipi, bila mkuu kulazimika kulitaja jina lake.

Tuchukue kaya 15 za mfano. Namba hizi nimezitunga ziwe rahisi kugawanyika, lakini umbo lake ndilo utakalolikuta kwenye faili lako, yaani wengi wenye mashamba madogo na wachache waliolima eneo kubwa kwa trekta. Magunia waliyovuna, kuanzia dogo hadi kubwa, ni 3, 4, 4, 4, 4, 5, 6, 6, 7, 8, 9, 10, 12, 38 na 60. Jumla ni magunia 180. Zikiwa kwenye safu B, andika hivi:

```
=AVERAGE(B2:B16)
=MEDIAN(B2:B16)
=MODE.SNGL(B2:B16)
=COUNTIF(B2:B16,"<"&AVERAGE(B2:B16))
```

Utapata 12, kisha 6, kisha 4. Mstari wa mwisho, ambao watu wengi hawauandiki kamwe, unakwambia kwamba kaya 12 kati ya 15 zimevuna chini ya huo "wastani" wa magunia 12. Hakuna fomula iliyokosea hapo. Ya kwanza imegawanya jumla kwa idadi ya kaya, ya pili imetafuta kaya iliyosimama katikati ya mstari, na ya tatu imetafuta namba iliyojirudia mara nyingi zaidi.

Sasa tuseme mkuu anakujibu kwamba anataka kupanga lori na nafasi kwenye ghala la kiwanda cha kukamua. Hapo anahitaji 12, kwa sababu namba hiyo peke yake ndiyo inayorudisha jumla: 12 mara kaya 15 ni magunia 180, ndiyo mzigo halisi utakaobebwa. Ukimpa mediani akaizidisha, atapanga usafiri wa magunia 90, na nusu ya mzigo itabaki kijijini. Wapo wanaoamini kwamba mediani ni "ya kitaalamu zaidi" na wanaitumia kila mahali. Mimi sikubaliani nao, maana swali likiwa la jumla ya mzigo, mediani inapotosha kabisa.

Lakini tuseme anajibu kwamba kamati inataka kuweka kiwango cha marejesho ya mkopo wa mbegu. Hapa ndipo nimeona madhara. Katika chama kimoja ambacho sitakitaja, kamati ilipitisha kwamba kila mwanachama arejeshe robo ya mavuno ya mwanachama wa kawaida, kisha ikaichukua namba ya AVERAGE kuwa ndiye huyo mwanachama wa kawaida. Kwa namba zetu za mfano, robo ya 12 ni magunia 3. Mwenye magunia 60 hatasikia chochote. Mwenye magunia 4, nao ndio wengi kuliko kundi jingine lolote, anatoa robo tatu ya mavuno yake, na yule mwenye 3 anarudi nyumbani na debe tupu. Katika chama hicho lawama ziliwaangukia wakulima kwamba ni wakaidi wa kulipa, ilhali kiwango chenyewe kilikadiriwa kwa mavuno ambayo wengi wao hawakuyapata. Kama kamati ilitaka kweli kumjua mwanachama wa kawaida, ilihitaji mediani, yaani magunia 6, na hata hapo ilipaswa kukumbuka kwamba karibu nusu ya wanachama wako chini yake.

Mediani ina faida nyingine ndogo. Karani akikosea akaandika 600 badala ya 60, wastani unaruka kutoka 12 hadi 48, lakini mediani inabaki 6 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo namba hizo mbili zikiachana sana, usikimbilie kueleza tofauti ya matajiri na maskini kijijini. Panga safu kutoka ndogo hadi kubwa kwanza, uangalie mistari ya mwisho, na upige simu kuthibitisha zile zinazotia shaka.

Modi nitaipitia haraka, kwa kuwa kwenye mavuno haina kazi kubwa. Magunia yakihesabiwa mazima hujirudia, lakini mazao yakipimwa kwa kilo na nukta zake karibu hakuna namba itakayojirudia, na MODE.SNGL itakuletea #N/A. Namba mbili zikifungana kwa kujirudia, itakupa moja tu na kuinyamazia nyingine. Ukitaka kuziona zote tumia MODE.MULT. Tena namba inayojirudia wakati mwingine inatokana na midomo ya watu tu, kwa sababu mkulima anayeulizwa mavuno kwa kumbukumbu hutaja namba iliyozoeleka. Mahali modi inapostahili ni pale jibu lisipokuwa namba. Mkuu akiuliza "kwa wastani wanachama wetu wanapanda mbegu gani?", huwezi kujumlisha Record na chotara ukagawanya, unahesabu ipi imetajwa na wengi, basi.

Swali la pili la kumuuliza, na kwa mkoa kama wetu wenye msimu mmoja wa mvua ninaliona zito kuliko la kwanza, ni "wastani wa nani?" Mvua ikikatika mwezi wa pili na isirudi kwa wakati, wapo watakaopanda na wasivune kitu. Kwenye faili, karani mmoja ataandika 0 na mwingine ataacha kisanduku wazi, na fomula hazivitendei sawa: AVERAGE na MEDIAN huruka kisanduku kitupu, ila 0 huihesabu kama namba yoyote nyingine. Ongeza kwenye kaya zetu 15 kaya 5 zilizopanda zikakosa kabisa. Wakiachwa wazi, majibu yanabaki 12, 6 na 4. Wakiandikwa 0, wastani unakuwa 9, mediani 4.5, na modi inakuwa 0, kwa maana kwamba matokeo yaliyotokea mara nyingi zaidi msimu ule ni kutovuna kitu. Kama ripoti inakwenda kwa mtu anayepanga chakula cha msaada au bima ya mazao, hizo sifuri tano ndizo habari yenyewe. Kama inakwenda kwa anayetaka kujua wauzaji wataleta magunia mangapi kila mmoja, wasiouza hawahusiki. Huwezi kuyajua hayo kwa kulitazama faili, lazima uulize. Na kabla hujajaza 0 popote, hakikisha kisanduku kilicho wazi ni cha mtu aliyekosa mavuno na si cha mtu ambaye hakukutwa nyumbani.

Halafu kuna mtego wa ekari, ambao utakufikia hata kama mkuu amesema wazi kwamba anataka wastani wa kugawanya. Mara nyingi anachotaka ni magunia kwa ekari, na hilo lina njia mbili. Tuseme zile kaya 15 zililima jumla ya ekari 36, ambapo mwenye magunia 60 ana ekari 10, mwenye 38 ana ekari 6, na waliobaki wana ekari moja au mbili kila mmoja. Ukigawanya jumla ya magunia kwa jumla ya ekari unapata 5 kamili. Lakini ukitafuta kwanza magunia kwa ekari ya kila kaya, kisha ukachukua wastani wa hizo namba 15, utapata pungufu ya hapo; kwa ekari nilizozipanga mimi kwenye mfano huu inakuja takribani 4.4. Tofauti inatoka kwa wale wawili wakubwa, ambao wana mavuno mazuri kwa ekari na pia wana karibu nusu ya eneo lote. Magunia 5 ni mavuno ya ekari ya kawaida, nayo yanamfaa anayekadiria uzalishaji wa kijiji. Yale 4.4 ni matokeo ya mkulima mmoja mmoja, ambayo yanamfaa bwana shamba anayetaka kujua ushauri wake unazaa nini kwenye mashamba ya watu. (Haya yote yanachukulia kwamba gunia ni lile lile kwa kila mtu. Kama wengine wanahesabu lumbesa, rudi kwenye mizani kwanza, hakuna wastani utakaokuokoa.)

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningemwandikia hivi: "Mkuu, nimelipokea faili. Naomba kujua namba hii itatumika kupanga usafiri, kupanga marejesho, au kwa jambo jingine? Pia, wanachama waliopanda wakakosa mavuno niwahesabu au niwaache? Na unataka kwa kaya au kwa ekari?" Sijawahi kuona mkuu aliyemdharau mtu kwa maswali kama hayo, mara nyingi yeye mwenyewe ndipo anapogundua kwamba hakuwa ameamua.

Akikujibu "yoyote tu, nina haraka," mpe mbili kwenye sentensi moja, na jina la kila moja liwe wazi: "Kaya 15 zilivuna jumla ya magunia 180, sawa na magunia 12 kwa kaya zikigawanywa, kaya ya katikati ilivuna magunia 6, kaya 5 zilizopanda zikakosa mavuno hazimo." Usiandike neno wastani peke yake kwenye jedwali. Na faili lenye namba za kila kaya usilitupe baada ya kutuma ripoti. Mwezi ujao wilaya ikitaka kuunganisha vijiji vyenu, wastani wa kijiji kimoja na kingine mtaweza kuuunganisha mkiwa na idadi ya kaya za kila upande, lakini mediani mbili haziunganishwi. Itabidi mrudi kwenye orodha ya kaya zote na kuipanga upya.