Kuunganisha hatua za mradi zilizotawanyika kwenye slaidi kuwa jedwali moja la ratiba

Chukulia wasilisho la mradi wa maji ya mserereko wa kijiji kimoja mkoani Njombe. Slaidi ya 4 inasema "kulaza bomba, robo ya kwanza 2026". Ya 11 inasema "tenki likamilike kabla ya mvua, timu ya ufundi". Ya 17 ina chati, na chini yake, kwenye sehemu ya maelezo ya msemaji, kuna sentensi kwamba bomba zitafika wiki sita baada ya mkataba kusainiwa.

Usitegemee `Outline View` ya PowerPoint. Inaonyesha vichwa na maandishi ya visanduku vya kawaida tu. Majedwali, chati, picha na visanduku vilivyoongezwa kwa mkono haionyeshi, na tarehe nyingi hukaa humo. Pitia slaidi moja moja, fungua `Notes`, angalia pia zilizofichwa: namba zao zimekatwa kwa mstari.

Katika Excel, kila unachokuta kipe mstari wake, hata kama kinajirudia:

| Hatua | Mhusika | Ilivyoandikwa | Tarehe | Slaidi | Swali |
|---|---|---|---|---|---|
| Kulaza bomba | hajatajwa | robo ya kwanza 2026 | | 4 | Mwaka wa fedha au wa kalenda? |
| Tenki kukamilika | timu ya ufundi | kabla ya mvua | 2026-10-31 | 11 | Nani hasa? |
| Bomba kufika | hajatajwa | wiki sita baada ya mkataba | | 17, maelezo | Mkataba lini? |

Safu ya "Ilivyoandikwa" usiifute kamwe. Ndiyo inayokuwezesha kurudi kwa mwandishi wa slaidi na kumwonyesha maneno yake mwenyewe.

Robo ndiyo inayopotosha zaidi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, hivyo robo ya kwanza ya halmashauri ni Julai hadi Septemba. Kwa mfadhili anayefuata kalenda ni Januari hadi Machi. Ukikuta mitaro inachimbwa Februari, wakati Njombe mvua zimekolea, shuku kwamba robo imesomwa kimakosa. "Kabla ya mvua" nayo ipe tarehe: mvua za Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida huanza Novemba, kwa hiyo weka mwisho wa Oktoba kama pendekezo, kisha mhandisi athibitishe.

"Timu ya ufundi" si mhusika. Usikisie jina kwa kuwa unamjua fundi mkuu. Acha swali wazi mpaka mtu mmoja akubali kwa jina lake.

Slaidi mbili zikigongana, mathalani moja inasema majaribio ya maji ni Septemba 15 na nyingine Septemba 30, acha mistari yote miwili. Slaidi yenye namba kubwa zaidi si lazima iwe ndiyo mpya, maana wasilisho nyingi huunganishwa kutoka mafaili ya watu tofauti.

Kabla ya kupanga kwa tarehe, ziandike kwa mfumo wa mwaka-mwezi-siku, kisha weka kwenye safu ya pembeni:

```
=ISNUMBER(D2)
```

Ikijibu `FALSE` kwenye mstari wenye tarehe, Excel imeisoma kama maneno, na mstari huo utaangukia mahali pasipo pake. Iandike upya. Mistari isiyo na tarehe itashuka chini kabisa. Hiyo ndiyo orodha yako ya simu za kupiga kabla ya kikao.