Kabla hujamtagi aliyekuingiza kazini, soma hapa

"Wakuu, nimepata kazi mpya, naanza tarehe 1. Nataka kuweka posti LinkedIn niwashukuru walionisaidia, hasa jamaa yangu wa ndani aliyenipelekea CV, na bosi wangu wa zamani. Niandikeje nisionekane najisifu lakini watu wanione? Nitagi nani? Picha gani inafaa, na lugha gani?"

Mkuu, huyo jamaa wa ndani mtoe. Mtoe sasa hivi, hata kama posti bado iko kwenye rasimu, maana ile kitu ina tabia ya kubonyezwa kwa bahati mbaya.

Mimi mwaka 2021 nilikuwa mhasibu msaidizi, nikapata kazi kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar. Nafasi ilitangazwa, nikaomba kama wengine, nikafanya mtihani wa maandishi na intavyuu mbili. Rafiki yangu wa chuo alikuwa anafanya kazi humo, kitengo kingine kabisa. Alichonisaidia ni kuwaambia watu wa utumishi kwamba CV yangu imeshafika, na jioni moja akanieleza aliulizwa nini yeye alipoingia, miaka mitatu nyuma. Basi. Hakukaa kwenye jopo wala hakuona mtihani.

Sasa nilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la mwalimu mmoja wa "kukuza jina lako kazini", elfu thelathini kwa mwezi. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba posti ya kazi mpya iwe na tagi kumi na tano kwenda juu, kwamba kila unayemtagi "anakukopesha watu wake", na kwamba shukrani zikiwa za hisia ndiyo watu wanasimama kusoma. Hakusema hata siku moja kwamba unayemtagi ana mwajiri, na mwajiri ana macho. Nilipomwandikia baadaye yamenikuta, alinijibu kwa emoji ya mikono ya dua, halafu akanikumbusha ada ya mwezi.

Nikaandika hivi, na bado nakumbuka neno kwa neno: "Asante kaka yangu kwa kunipa maswali ya kujiandaa na kunipigia debe mpaka dakika ya mwisho. Bila wewe nisingefika hapa." Nikamtagi. Nikapanda daladala Mwenge nikijiona waziri. Simu ikawa inatetemeka mfukoni mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama nina harusi.

Soma tena ile sentensi, ila jifanye wewe ndiye uliyeomba nafasi hiyohiyo ukakosa. "Kunipa maswali." "Kunipigia debe." Mwombaji mmoja aliipiga skrinshoti akaituma kwa uongozi akiuliza kama usaili ulikuwa wa haki. Mimi nilishtuka baada ya saa tatu hivi, nikairekebisha, na ndipo nikajua mambo mawili. La kwanza, LinkedIn ikiandika Edited pembeni ya posti, kila mtu anajua umefuta kitu. La pili, aliyetagiwa anapata taarifa papo hapo, na wenzake wa ofisini huenda wameshaiona wakati wewe bado unahesabu laiki.

Wiki ya tano kazini niliitwa. Yule mama wa utumishi hakugomba. Aligeuza kioo cha kompyuta yake upande wangu, posti yangu ikiwa imepakwa rangi ya kijani kwenye maneno manne: kunipa maswali, kunipigia debe. Akaniuliza, "Maswali gani?" Jibu la kweli nililokuwa nalo lilisikika kama uongo hata masikioni mwangu. Kumbe kampuni ilikuwa na fomu ambayo mfanyakazi anajaza akimfahamu mwombaji, na rafiki yangu hakuijaza, kwa sababu aliona hana mkono wowote kwenye usaili. Alipata onyo la maandishi, na nafasi ya kupanda cheo aliyokuwa anaisubiri ikapita. Mimi nilikuwa kwenye majaribio, nikaachishwa. Ofisi ya zamani nilishaipa notisi ya siku 28 na kiti kilishakaliwa. Nilikwenda kuulizia haki zangu nikaambiwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi nafasi ya kulalamikia kuachishwa isivyo haki mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo nilikula mihogo ya Kariakoo kwa hadhi ya mtu mwenye laiki 412.

Kanuni yangu tangu hapo ni moja, na sina nyingine: mtu haingii kwenye posti yangu mpaka asome kwa macho yake sentensi inayomtaja. Simaanishi umuulize "naweza kukutagi?", maana kila mtu atasema sawa. Mtumie sentensi yenyewe, nukta kwa nukta, usubiri ajibu.

Mwaka 2023 nilipata kazi nyingine. Safari hii kwanza nilibadilisha wasifu nikiwa nimezima Notify network, kwa sababu ukiiacha imewashwa LinkedIn inaweza kuwatangazia watu kabla hujawa tayari. Nikasubiri mkataba usainiwe pande zote na mwezi wa kwanza uishe. Halafu nikamtumia bosi wangu wa zamani sentensi yake. Akajibu kwa sauti ya WhatsApp: "Mwanangu, hilo la 'bila wewe nisingeweza' litoe, linanifanya nionekane nilikubeba. Sema nilikufundisha nini." Bosi huyo angekuwa ndiye mwalimu wa lile kundi la WhatsApp, ningekuwa bado nina rafiki.

Ikabaki hivi:

"Mwezi huu nimeanza kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya usambazaji wa vyakula. Nitashughulika na ulinganisho wa hesabu za benki na madeni ya wateja. Kazi hiyo nilifundishwa na Mama (jina lake), aliyenirudishia taarifa yangu ya kwanza mara nne mpaka nikajua tofauti ya shilingi mia mbili inatafutwa, haifichwi. Kama nawe unahangaika na madeni ya wateja wanaolipa nusunusu, karibu tuzungumze."

Tagi moja. Hakuna "safari yangu", hakuna "Mungu si Athumani". Kujisifu kumekosa pa kukaa kwa sababu anayeonekana hodari ni yeye, ila msomaji anajua hiyo kazi sasa naifanya mimi. Na kwa kuwa alishaisoma, alikuja mwenyewe kuandika chini yake kisa cha hiyo taarifa ya mara nne, na wahasibu wanaomfuata yeye wakaanza kuingia. Watu wawili walinitafuta kuhusu madeni ya nusunusu. Laiki zilikuwa thelathini na kitu.

Aliyekufungulia mlango mpigie simu, au mnunulie chakula, au mpelekee mama yake kitenge. Hadharani mshukuru aliyekufundisha kazi. Bosi wako wa zamani anafaa, ila mtumie sentensi kwanza, naye huenda ana sababu zake za kukataa: labda ofisi yake haijafurahi kwamba umeondoka.

Picha weka yoyote, isipokuwa ile umeshika kitambulisho cha kazi, namba yako inasomeka. Lugha... andika ile anayosoma mtu unayemshukuru.

Jamaa yangu alinisalimia tena mwaka jana, msibani. Alinipa mkono, akauliza niko wapi siku hizi, nikamwambia. Akasema, "Sijaona posti."