Rejeo la 1979 linalosema «Katanga»: kwa maasistenti wapya wa Lubumbashi

Ukikabidhiwa rundo lako la kwanza la kazi za mwisho wa masomo, usikimbilie mtandao kukagua kama marejeo ya bibliografia ni ya kweli au yametungwa. Anza na karatasi iliyo mkononi. Chagua marejeo yanayobeba hoja, yaani yale yaliyo chini ya takwimu au chini ya dai ambalo likianguka sura nzima inayumba, kisha linganisha tanbihi na orodha ya mwisho. Tanbihi inataja ukurasa wa 88, lakini kwenye orodha makala hiyohiyo iko ukurasa wa 31 hadi 52. Hujatumia hata megabaiti moja na umeshajua kuna jambo la kuuliza.

Kisha soma majina pamoja na mwaka. Hapa kwetu majina yamebadilishwa mara nyingi, na anayetunga rejeo huwa anaandika majina ya leo. Chukua mfano huu niliouunda mwenyewe, ingawa wa namna yake utakutana nao: kitabu kuhusu wafanyakazi wa Gécamines katika Katanga ya wakati huo, kimechapwa Lubumbashi na UNILU, 1979. Gécamines haina shida, jina hilo lilikuwa linatumika. Lakini tangu 1971 hadi 1997 mkoa uliitwa Shaba. Na UNILU? Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa UNAZA, na Lubumbashi ikawa kampasi yake mpaka 1981. Kwa hiyo mwandishi wa 1979 anayezungumzia mkoa wa siku zake angeandika Shaba, na chuo kingekuwa UNAZA. Vivyo hivyo kwa kitabu «kilichochapwa Lubumbashi, 1958»: mji huu uliitwa Elisabethville hadi 1966.

Polepole lakini. Mwanahistoria aliyeandika 1979 juu ya enzi za ukoloni angeweza kabisa kusema Katanga. Mwanafunzi naye huenda ameshika kitabu halisi cha UNAZA, akaandika UNILU kwa mazoea. Mgongano wa majina unakupa sababu ya kutafuta, haukupi hukumu.

Sasa tafuta. Makala yenye DOI ni rahisi: weka namba yake, inayoanza na 10, baada ya `https://doi.org/`. Ikifungua makala nyingine kabisa, huenda namba imekosewa, au rejeo limeunganishwa vipande vya marejeo tofauti. Isipofungua kitu, angalia kwanza kama herufi O imeandikwa mahali pa sifuri, au nafasi imeingia pale mstari ulipokatika. Vitabu vya zamani vya hapa na kazi zilizopigwa taipu ni habari nyingine: nyingi haziko mtandaoni, na kutozikuta huko hakuthibitishi lolote. Nenda kwenye katalogi ya maktaba, na umwulize mtunza maktaba, maana wengine wanajua rafu kuliko kadi.

Usipopata, mwite mwanafunzi kabla hujaandika neno lolote zito pembeni. Muulize: «Hiki ulikisomea wapi?» Mwombe picha ya ukurasa wa jina la kitabu na ya ukurasa alioutaja, na umpe muda unaoeleweka. Jibu linalokuja mara nyingi ni hili: «Asistenti, nilikitoa kwenye kazi ya mkubwa wangu.» Hapo hajatunga, amenakili bila kusoma. Dawa yake ni kuandika wazi kwamba amenukuu kupitia kazi ile, na kosa la njia ya kazi lipunguziwe alama zake. Akileta kitabu chenyewe na mwaka ulikuwa umekosewa, arekebishe, yaishe.

Asipoleta chochote, usimtafutie wewe kitabu kingine cha kuziba pengo. Rudi kwenye sentensi iliyoegemea rejeo lile. Ikiwa ni takwimu ya mishahara, takwimu hiyo haina tena chanzo, na hesabu iliyojengwa juu yake isihesabiwe. Kisha kagua orodha yote iliyobaki, kwa kuwa lililotungwa huwa haliko peke yake. Yakifika mawili matatu, mpelekee mkurugenzi wa kazi pamoja na ushahidi wako. Adhabu si ya asistenti mmoja kuiamua kwenye meza yake. Mimi neno «uongo» siliandiki. Naandika hivi: «Rejeo namba 14: halikupatikana kwenye katalogi ya maktaba wala mtandaoni; jina la mkoa na la chuo hayalingani na mwaka 1979; mwanafunzi ameombwa nakala, hajaileta; jedwali la sura ya pili linategemea rejeo hili.» Weka tarehe ya kila hatua, na ubaki na nakala ya kazi kama ilivyokuja, kwa sababu toleo la siku ya kutetea linaweza kuja rejeo hilo limefutwa na jedwali limeachwa palepale.